Kubadili Rangi ya Maandishi Yaliyo juu ya Gredienti

Faili asilia likiwepo, kubadili rangi ya maandishi ni kazi ya kufumba na kufumbua: leya ya maandishi inabofywa, rangi mpya inachaguliwa, basi. Shida huanza pale mteja anapoleta kadi iliyokwisha kupita WhatsApp mara nne, JPEG tupu, na aliyeichora hapatikani. Ndani ya faili la namna hiyo hakuna tena herufi. Kuna pikseli tu: nyingine nyeusi, nyingine zenye rangi ya mandhari ya nyuma, na kati ya hizo kuna pikseli nyingi ambazo si nyeusi kamili wala si za mandhari. Hizi za katikati ndizo zinazoamua kama kazi itatoka safi au itaonekana imebandikwa.

Pikseli za katikati hutokana na umbo la herufi. Ukingo wa herufi kama S unapinda, lakini pikseli ni kijiraba, na kompyuta haiwezi kujaza nusu ya kijiraba. Kwa hiyo hufanya ujanja: kijiraba kilichofunikwa nusu na herufi hupewa rangi iliyo nusu ya njia kati ya wino na mandhari. Kilichofunikwa robo hupata robo ya wino na robo tatu za mandhari. Jicho likitazama kwa mbali huona mkunjo laini. Ndiyo maana kifaa cha Magic Wand huharibu kazi hii. Kinaichukua pikseli yote au kinaiacha yote, na herufi hutoka na meno kama msumeno, au hubaki imezungukwa na uzi wa rangi ya zamani.

Mandhari ingekuwa na rangi moja, zipo njia nyingi za mkato. Gredienti, yaani rangi inayogeuka polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili, huzifunga karibu zote, kwa sababu pikseli ya ukingo iliyofunikwa nusu upande wa juu wa kadi ina rangi tofauti kabisa na iliyofunikwa nusu upande wa chini. Hakuna rangi moja ya ukingo inayoweza kutafutwa na kubadilishwa. Kinachohitajika ni kujua kila pikseli imefunikwa na herufi kwa kiasi gani, na hapo ndipo uteuzi wa mwangaza unapoingia.

Uteuzi wa kawaida una ndani na nje. Uteuzi wa mwangaza hauna mpaka wa namna hiyo. Kila pikseli huteuliwa kwa kadiri ya mwanga wake. Nyeupe huteuliwa yote, nyeusi haiteuliwi kabisa, na ya kijivu cha katikati huteuliwa nusu, maana yake ikimwagiwa rangi mpya itapokea nusu yake tu. Wapiga picha wa mandhari ya asili walioueneza uteuzi huu, Mmarekani Tony Kuyper akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi, waliutumia kung'arisha mabonde yenye giza bila kuunguza anga. Kwenye maandishi hutumika kwa sababu nyingine: pikseli za ukingo tayari zina viwango vya katikati, na uteuzi huu unavichukua vilivyo bila kuvikata.

Katika Photoshop uteuzi huu hupatikana kwa kubonyeza `Ctrl+Alt+2`, au kwa kushika `Ctrl` na kubofya kijipicha cha RGB kwenye paneli ya Channels. Kwenye Mac, Command hushika nafasi ya `Ctrl` na Option nafasi ya `Alt`. Mwangaza wenyewe hauhesabiwi kwa kugawa sawa kati ya rangi tatu za msingi. Jicho la binadamu huona kijani kuwa angavu zaidi na buluu kuwa na giza zaidi, hivyo hesabu hufuata jicho, takribani hivi:

```
mwangaza = 0.30 × nyekundu + 0.59 × kijani + 0.11 × buluu
```

Kila rangi huhesabiwa kuanzia 0 hadi 255, na jibu huangukia kati ya namba hizohizo.

Ichukuliwe kadi ya mwaliko wa harusi kama mfano. Juu kabisa gredienti ni ya rangi ya krimu: nyekundu 255, kijani 235, buluu 170. Inashuka taratibu hadi chini, ambako ni machungwa iliyokolea: 240, 120 na 40. Kwa hesabu ile, mwangaza wa juu ni 234 na wa chini ni 147. Majina ya maharusi na ratiba vimeandikwa kwa wino unaokaribia weusi, 20 kwa kila rangi, na mwangaza wake ni 20. Bibi harusi anataka maandishi yote yawe ya damu ya mzee, na kadi iende kuchapwa leo.

Anayeanza hufuata njia inayoonekana wazi. Hubonyeza `Ctrl+Alt+2`, na kwa kuwa maandishi ni meusi na uteuzi umechukua vyenye mwanga, hugeuza uteuzi kwa `Ctrl+Shift+I`. Mistari inayotembea huonekana ikizunguka herufi tu, vizuri kabisa. Anamwaga rangi ya damu ya mzee, na sehemu ya chini ya kadi nayo inageuka nyekundu.

Photoshop haikukosea. Mistari ile inayotembea huchorwa tu kuzunguka pikseli zilizoteuliwa kwa zaidi ya asilimia 50, na iliyo chini ya hapo haionyeshwi ingawa imo. Baada ya kugeuza, mandhari ya juu ina kiwango cha 21, sawa na asilimia 8 ya uteuzi, na ya chini ina 108, sawa na asilimia 42. Jicho haliioni, lakini rangi inaiona. Wakati huohuo herufi zenyewe zimeteuliwa kwa asilimia 92 tu, hivyo mabaki ya weusi yamo ndani yake. Asiyejua jambo hili huweza kurudia zoezi mara kumi akidhani kompyuta ina hitilafu. Dawa ya kuona ukweli ni kuugeuza uteuzi kuwa maski na kuitazama: uteuzi ukiwa hai, huundwa leya ya `Solid Color`, na Photoshop huufanya uteuzi kuwa maski ya leya hiyo. Kubofya maski huku `Alt` imeshikwa huionyesha kwa nyeupe, nyeusi na kijivu, na hapo kila kilichojificha hujitokeza.

Hatua inayofuata kwa wengi ni kuikaza maski hiyo kwa Levels, yaani `Ctrl+L`. Kitelezi cheusi kikiwekwa 108, mandhari yote inazama kwenye weusi. Cheupe kikiwekwa 235, herufi zinakuwa nyeupe kamili. Mandhari haipokei tena rangi, na kwa mbali kadi inaonekana imekwisha. Ikikuzwa hadi asilimia 300, majina yaliyo juu yana uzi wa kijivu kizito pembezoni, na herufi ni nyembamba kuliko zilivyokuwa. Zile za chini ni safi.

Sababu iko kwenye pikseli iliyofunikwa nusu. Ile ya chini ina mwangaza wa kama 83, katikati ya 147 na 20. Ikigeuzwa na kupitishwa kwenye Levels hutoka na asilimia 50, sawa na ukweli wake. Ile ya juu ina mwangaza wa 127, katikati ya 234 na 20, nayo ikipita kwenye Levels zilezile hutoka na asilimia 16. Ilistahili nusu ya rangi mpya, imepata chini ya theluthi moja ya haki yake, na sehemu iliyobaki ni mchanganyiko wa zamani wa weusi na krimu. Hakuna namba za Levels zinazoponya hili, kwa kuwa kizingiti kimoja kinapimia mandhari ambayo haiko kwenye kiwango kimoja. Kuigawa kadi vipande na kukaza kila kipande peke yake hupunguza tatizo, ila huzaa mishono.

Njia iliyo bora ni kuiondoa gredienti kabla ya kuchukua uteuzi. Gredienti iliyotengenezwa kwa kompyuta ina tabia nzuri: ni ya utaratibu, hivyo inaweza kujengwa upya. Kwa Eyedropper iliyowekwa kwenye `5 by 5 Average` husomwa rangi ya juu, ya chini na ya katikati, mahali pasipo herufi. Kisha kupitia `Layer > New Fill Layer > Gradient` huundwa leya mpya yenye rangi hizo tatu, juu ya picha. Wastani wa pikseli 25 unatakiwa kwa sababu pikseli moja ya JPEG huweza kudanganya. Ulinganifu hupimwa kwa kuiweka leya hiyo mpya kwenye hali ya `Difference`, ambayo huonyesha tofauti tu: gredienti ikifanana na ya picha, kila mahali panakuwa peusi isipokuwa penye maandishi. Panapobaki wingu la rangi, kituo cha gredienti husogezwa au rangi yake hurekebishwa. Katika matoleo mapya ya Photoshop kuna chaguo la `Method`, na kwa kadi za zamani `Classic` ndilo linaloelekea kulingana, kwani ndivyo programu ilivyokuwa ikichanganya gredienti kabla ya chaguo hilo kuwepo.

Leya ya gredienti ikishalingana, hali yake hubadilishwa kutoka `Difference` kwenda `Divide`. Hapa ndipo kazi yote inapoamuliwa, na hesabu yake ni ya darasa la nne. `Divide` huchukua picha ya chini na kuigawanya kwa leya ya juu, huku nyeupe ikihesabiwa kuwa moja na nyeusi sifuri. Pasipo herufi, picha na gredienti ni kitu kimoja, na kitu kikigawanywa kwa chenyewe jibu ni moja: panakuwa peupe, juu na chini vilevile. Penye wino mweusi, sifuri hugawanywa na jibu ni sifuri. Penye ukingo uliofunikwa nusu, nusu ya mandhari inagawanywa kwa mandhari na jibu ni nusu, iwe ni kwenye krimu au kwenye machungwa. Gredienti imekwisha, na kilichobaki ni herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Mpangilio wa leya ni lazima uzingatiwe, kwa sababu picha ikiwa juu na gredienti chini, skrini nzima itakuwa nyeupe na herufi zitapotea.

Sasa ndipo `Ctrl+Alt+2` hubonyezwa, ikifuatiwa na `Ctrl+Shift+I`, na leya ya `Solid Color` huundwa juu ya zote kwa rangi ya damu ya mzee: 120, 10 na 35. Leya ya gredienti hairudishwi kapuni. Hurudishwa kwenye hali ya `Normal`, na inakuwa mandhari mpya isiyo na herufi hata moja. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika njia ya kwanza rangi mpya ilimwagwa juu ya pikseli zilizokwisha kuchanganyika na weusi, na mabaki yoyote ya maski yalionekana kama uzi. Hapa chini ya herufi mpya hakuna weusi wowote. Maski ikikosea kidogo, herufi itakuwa nyembamba au nene kidogo, lakini uzi wa rangi ya zamani hauna pa kutokea.

Katika kadi hii wino ulikuwa 20, si sifuri, kwa hiyo mgawanyo hauwi kamili. Baada ya `Divide`, herufi za juu zina mwangaza wa 22 na za chini 45, kwani 20 ni sehemu kubwa zaidi ya machungwa kuliko ya krimu, hasa upande wa buluu. Levels kwenye maski, kitelezi cheusi kikiwa 8 na cheupe 210, huweka mambo sawa. Pikseli iliyofunikwa nusu juu inatoka na asilimia kama 54, na ya chini asilimia 48. Ikilinganishwa na 16 kwa 50 za mwanzo, tofauti hiyo haionekani hata kwenye kadi iliyochapwa. Ile 8 nayo ina kazi yake. JPEG huibana picha katika viraba vya pikseli nane kwa nane, na kuzunguka herufi huacha vumbi hafifu ambalo kwenye maski huonekana kama ukungu wa kijivu. Cheusi kikisogezwa kidogo, ukungu huo unazama. Kikisogezwa sana, unazama pamoja na miguu myembamba ya herufi.

Si kila gredienti ni ya juu na chini. Nyingine huanzia katikati kama mwanga wa taa, nyingine zina rangi tano zilizopishana, na kuzijenga upya kwa mkono hula nusu siku. Kwa hizo ipo njia ambayo wengi hawaijui. Picha inanakiliwa kwenye leya mpya kwa `Ctrl+J`, kisha hutumika `Filter > Other > Maximum`. Kichujio hiki hukipa kila kijiraba thamani angavu kuliko zote za jirani zake, hivyo mandhari angavu huvimba pande zote na kumeza herufi nyeusi. Kipimo chake hutegemea unene wa wino: mstari mnene kuliko yote ukiwa na pikseli 12, nusu yake ni 6, na kipimo cha 8 kinatosha kuumeza. Baadaye `Gaussian Blur` yenye kipimo cha kama pikseli 15 hulainisha mabaki, na leya hiyo inashika nafasi ya gredienti iliyojengwa: hutumika kwa `Divide`, kisha kama mandhari. Kuvimba huko husogeza gredienti pikseli nane kuelekea upande wa giza, lakini katika kadi yenye urefu wa pikseli 1200 rangi hubadilika kwa vipimo 87 tu toka juu hadi chini. Pikseli nane hazifikii hata kipimo kimoja.

Maandishi yakiwa meupe juu ya gredienti yenye giza, kila kitu hugeuzwa kwanza. `Ctrl+I` kwenye nakala ya picha hufanya nyeupe kuwa nyeusi, na hesabu inaendelea kama ilivyoelezwa, kwa sharti kwamba gredienti ijengwe kwa rangi hizo zilizogeuzwa na rangi hizo zirudishwe kuwa za asili kwenye nakala yake itakayobaki kuwa mandhari.

Upo mpaka ambao uteuzi wa mwangaza hauuvuki. Maandishi mekundu kamili, 255 upande wa nyekundu na sifuri kwingine, yana mwangaza wa 76 au 77. Kijani chenye 130 peke yake kina mwangaza uleule. Macho ya watu wengi huona maandishi hayo waziwazi, yenye kuchoma hata, lakini kwenye uteuzi wa mwangaza herufi na mandhari ni kitu kimoja, na maski hutoka ya kijivu kitupu. Dalili ya mapema ni kugeuza nakala ya picha kuwa nyeusi na nyeupe: herufi zikififia hapo, njia hii haitafaa kama ilivyo. Badala ya kijipicha cha RGB hubofywa, huku `Ctrl` imeshikwa, chaneli ya `Red` peke yake. Humo maandishi ni 255 na mandhari ni sifuri, tofauti kubwa kuliko yoyote. Kwa kweli hata palipo na tofauti ya mwangaza, si vibaya kuzipitia chaneli tatu kwanza na kuona ni ipi yenye herufi zilizojitenga zaidi. Vivuli na mistari ya kuzungushia herufi ni tatizo jingine kabisa. Kivuli huhesabiwa kama wino uliofifia, nacho kitapakwa damu ya mzee pamoja na herufi, labda kifutwe kwenye maski kwa brashi nyeusi.

Maua na picha za maharusi zilizo pembeni ya kadi nazo si gredienti, na `Divide` huzifanya vioja. Hazidhuru kitu, mradi brashi nyeusi ipitishwe juu yake kwenye maski zote mbili, ya rangi na ya gredienti, ili picha ya chini ionekane kama ilivyokuwa.

Rangi mpya yenyewe ipimwe kwa hesabu ileile. Damu ya mzee hii ina mwangaza wa 46, mbali na 147 ya machungwa na mbali zaidi na 234 ya krimu, hivyo itasomeka kote. Bibi harusi angetaka maandishi meupe, ratiba iliyo chini ingesomeka, lakini majina yaliyo juu, 255 dhidi ya 234, yasingeonekana na mgeni yeyote bila miwani. Gredienti iliyojengwa upya nayo huweza kutoka na mistari kama ngazi, kwa kuwa vipimo 87 vilivyotandazwa kwenye pikseli 1200 hufanya kila ngazi iwe na pikseli kama 14. Kisanduku cha `Dither` kwenye dirisha la gredienti kikiwekwa alama, pikseli za mipakani huchanganywa na ngazi hizo hupotea.

Kabla ya kutuma chapa, faili lihifadhiwe kwanza kama PSD, na JPEG itolewe baadaye kama nakala. Ndani ya PSD rangi ya `Solid Color` hubadilishwa kwa kubofya mara mbili tu, na bibi harusi anayetaka damu ya mzee asubuhi huweza kutaka bluu bahari jioni.